Kabla ya kumwambia mwanaboda "acha uzembe", soma hii

Bango lilikuja kwa pikapu Jumanne asubuhi. Jamaa wawili wenye fulana mpya wakalisimamisha kando ya steji yetu hapa Umoja, upande wa Outering, wakapiga picha nalo, wakapiga picha na cheamani wa steji, wakaenda. Kufikia Ijumaa lilikuwa juu ya kibanda cha mama wa chai. Limekuwa paa. Ukiinama kunywa chai yako na kuangalia juu, unasoma maandishi yamepinduka:

"EWE MHUDUMU WA BODABODA! ACHA UZEMBE. VAA HELMETI. USIBEBE ABIRIA ZAIDI YA MMOJA. PUNGUZA MWENDO. HESHIMU SHERIA. UHAI WAKO UNA THAMANI."

Si eti wasee wa steji ni wakorofi. Walihitaji paa kuliko walivyohitaji kuitwa wazembe.

Sasa, mimi niliingia kwa hii stori kwa njia ya ajabu kidogo. Rafiki yangu anafanya vibarua na hilo shirika lililoleta bango (sitalitaja, maana bado nadai hela yangu). Akawaambia kuna kijana anaandika mtandaoni, hakumaliza chuo lakini maneno anayajua, tena binamu yake ni mwanaboda. Wakaniambia niandike upya ule ujumbe, "uwe wa vijana". Nikafikiri ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki tano, na karibu kila kitu nilichokuwa nadhani najua kilikuwa uongo.

Kwanza angalia lile bango vizuri. Linamwambia mwanaboda mambo ambayo tayari anayajua. Sheria ya Trafiki ilirekebishwa 2012, na tangu hapo kuendesha pikipiki bila helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, au kubeba abiria zaidi ya mmoja, ni kosa. Hiyo ni zaidi ya miaka 10. Kuna wanaboda pale steji waliokuwa darasa la tatu wakati huo. Wamezikuta hizo kanuni zikiwepo, wameshikwa kwazo, wametoa hongo kwa sababu yazo. Ukimkumbusha tena kwa herufi kubwa, humpi habari. Unamwambia tu kwamba unamwona kama mtu asiyejua.

Halafu kuna lile neno "ewe". Wewe mara ya mwisho kuitwa "ewe" ilikuwa lini? Mimi ilikuwa shule ya upili, na aliyeniita alikuwa ameshika kiboko. "Ewe" ni sauti ya mtu aliyesimama juu akiongea na aliye chini. Na baada ya hapo ni amri tano mfululizo: acha, vaa, usibebe, punguza, heshimu. Hakuna mahali bango limetaja sababu hata moja.

Mwanasaikolojia Mmarekani Jack Brehm aliandika kuhusu hili tangu 1966. Alisema mtu akihisi uhuru wake wa kuamua unachukuliwa, anaweza kushikilia kile alichokatazwa, hata kama hakukipenda sana mwanzoni. Hakupindi kwa sababu ni mjinga. Anapinda ili abaki na uamuzi wake. Wewe pia uko hivyo. Mama akikuambia uoshe vyombo wakati ulikuwa tayari umesimama kwenda kuviosha, unakaa chini tena. Si ni ukweli?

Kwa wanaboda hiyo hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya yale yaliyotangulia. Unakumbuka Machi 2022? Mwanamke aliyekuwa kwenye gari alivamiwa na kudhulumiwa na kundi la wahudumu kwenye Barabara ya Wangari Maathai, video ikaenea kila mahali. Waliofanya vile walistahili kushikwa, hakuna mjadala. Lakini kilichofuata ni msako wa nchi nzima, pikipiki zikarundikwa kwenye vituo vya polisi, na msee wa Umoja aliyekuwa kwake analala siku ile akajikuta anajificha kwa kosa la watu asiowajua. Baada ya siku chache msako ukasimamishwa. Baadaye tena kukawa na mvutano kuhusu mswada wa pikipiki wa 2023, ule wa Seneta wa Kakamega Boni Khalwale, na pale steji wengi waliupokea kama njia nyingine ya kuwabana. Kwa hivyo mwanaboda akiona maandishi yanayoanza na "mhudumu wa bodaboda, acha...", anasikia karao hata kama aliyeandika ni msichana mpole ofisini.

Kwa hivyo niliandika nini mara ya kwanza? Aibu yangu hii hapa:

"Niaje buda! Nduthi bila helmeti ni ufala. Vaa, ukae fiti!"

Nilidhani nimeua. Nikaenda steji, nikaisoma kwa sauti. Kimya. Kisha mmoja akauliza, "Sasa umetuita mafala kwa Sheng?" Wakacheka mpaka mama wa chai akatoka kuangalia. Ni kweli nilikuwa nimebadilisha nguo tu. Tusi lilikuwa lile lile, "uzembe" umevaa kofia ya "ufala". Na Sheng inayotoka kwa ofisi ina harufu yake. Watu wanaisikia vile unavyosikia mjomba wa miaka 50 akijaribu kusema "form ni gani".

Jaribio la pili nikaingia kwa upole: "Sisi wanaboda tunajali maisha." Cheamani wa steji, mzee wa miaka kama 45 anayeitwa tu Cheamani hata na mkewe, akaniangalia juu ya miwani. "Sisi na nani, kijana? Wewe pikipiki yako iko wapi?" Sikuwa na jibu. "Sisi" ni neno zuri, lakini lazima ulilipie. Ukilitumia na hujawahi kunyeshewa ukingoja mteja, ni wizi mdogo.

La tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Nilichora mtoto ameshika shuka mlangoni, chini nikaandika: "Baba, rudi nyumbani salama." Ofisini walilipenda sana, dada mmoja alitaka kulia. Pale steji, binamu yangu aliliangalia kwa muda, kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Huyo mtoto ndiye anayenifanya niharakishe."

Nikamwambia anieleze. Akafanya hesabu kwa vidole. Pikipiki si yake, kwa hivyo kila jioni kuna pesa ya mwenyewe, iwe kumenyesha au kumekauka. Kuna mafuta. Kuna mchango wa steji. Kile kinachobaki baada ya hizo ndicho cha nyumbani, na trip za mwisho za siku ndizo za nyumbani kabisa, maana za asubuhi zote zimeenda kwa mwenye pikipiki. Kwa hivyo ukimwonyesha mtoto saa moja jioni, hapunguzi mwendo. Anakumbuka karo. Picha ambayo ofisi ilidhani inasema "pole pole" kwake inasema "ongeza trip mbili".

Nilikaa na hilo neno siku kadhaa. Watu wengi wanaoandika ujumbe wa barabarani hudhani mwanaboda ana mizani moja kichwani: uhai upande huu, uzembe upande ule. Ukiongeza uzito upande wa uhai, atabadilika. Lakini mizani yake ina vitu vingine vingi, na vingi ni vya heshima. Harakaharaka yake mara nyingi ni uwajibikaji. Ukimwita mzembe kwa kitu anachokifanya kwa sababu anawajibika, umeshampoteza kabla hajafika neno la tatu.

Basi nikaacha kuandika, nikaanza kukaa. Wiki nzima ya asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, kwenye benchi la mama wa chai. Sikuuliza "kwa nini hamvai helmeti?" maana hilo swali tayari ni shtaka. Niliangalia tu wanachofanya. Na kitu cha kwanza nilichoona kilivuruga lile bango lote: wengi wao walikuwa wamevaa helmeti. Iko kichwani. Kile ambacho hawakuwa wamefanya ni kufunga mkanda wa kidevuni. Unaning'inia, unapigwa na upepo kama sikio la mbuzi.

Hapo nilihisi baridi kidogo, na nitakuambia kwa nini. Mwaka jana binamu yangu alianguka usiku, karibu na mzunguko, kwa mwendo ambao yeye mwenyewe anasema haukuwa mkubwa. Alikuwa na helmeti. Helmeti ilipatikana kwenye mtaro, haina hata mkwaruzo mwingi. Kichwa chake ndicho kilichogonga ukingo wa barabara. Alipona, tunashukuru, lakini hadi leo anaumwa na kichwa jua likiwa kali, na wakati mwingine anasahau mteja alisema anaenda wapi. Anasimama kando na kuuliza tena, na anaona haya. Nyumbani tulisema ni bahati mbaya. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza helmeti ilifikaje mtaroni peke yake.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Helmeti ina ganda gumu nje na povu gumu ndani, lile jeupe kama la kufungia televisheni mpya. Kichwa kikigonga, povu linabonyea na kula sehemu ya ile nguvu kabla haijafika kwa ubongo. Ndiyo maana helmeti iliyowahi kupigwa vibaya haifai tena hata ikionekana nzima, povu likibonyea halirudi. Mapitio ya Cochrane yaliyounganisha tafiti nyingi yalionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Lakini yote hayo ni ikiwa helmeti iko kichwani wakati wa kugonga. Isiyofungwa hutoka kwanza. Mtu anaporushwa, kichwa na helmeti vinaachana hewani, na kila kimoja kinatua kivyake.

Kwa hivyo "Vaa helmeti" ilikuwa inawaambia watu waliovaa helmeti wavae helmeti. Ujumbe uliokosekana ulikuwa wa sentimita chache tu, chini ya kidevu.

Sasa ningeweza kuuliza, na nikauliza hivi: "Huu mkanda unawasumbua vipi?" Ona vile hilo swali linampa mtu nafasi ya kuwa mtaalamu. Majibu yalimwagika. Mmoja anaufungua kila simu ikilia, na simu ndiyo wateja, kwa hivyo siku ikifika saa nne ameshachoka kufunga. Mwingine alisema wateja wa usiku, hasa akina dada, wanataka kuona uso kabla ya kupanda, kwa hivyo anaivua helmeti, anaongea nao, na akiirudisha anasahau kufunga. Wengi walinionyesha kifungo kilichovunjika. Helmeti inashinda ikiningʼinia kwenye kioo au usukani, kamba inavutwa, kifungo cha plastiki kinapasuka. Na kuna wale waliosema kwa uwazi kwamba ni trip fupi tu, hapo Donholm, ya nini.

Kati ya sababu zote hizo, uzembe uko kwa moja tu, na hata hiyo ni ya kawaida kwa kila mtu. Wewe hufunga mkanda wa gari ukienda dukani?

Kulikuwa pia na upande wa abiria, na hapo ndipo wasee walichemka. Kisheria abiria naye anapaswa kuvaa helmeti. Lakini abiria hataki. Inanuka jasho la watu 20, anaogopa mashilingi, amesukwa jana, amevaa wigi. Anasema "twende tu, nimechelewa". Mwanaboda akisisitiza, kuna wengine sita nyuma yake kwenye foleni ambao hawatasisitiza. Bango lilimlaumu mwanaboda peke yake, na abiria, ambaye ndiye aliye na pesa, hakuambiwa hata neno moja.

Hili lilinikumbusha Zusha, zile stika za matatu. Pengine umeziona. Wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walizijaribu hapa Kenya. Badala ya kumwandikia dereva, waliandikia abiria, wakimhimiza apaze sauti dereva akiendesha vibaya. Dereva naye aliingizwa kwenye bahati nasibu ya kila wiki, akipatikana stika bado ziko anaweza kushinda pesa, basi hakuzibandua. Kwa jaribio la kwanza, matokeo yakiwa yamechapishwa 2011, madai ya bima yalishuka kwa kati ya nusu na thuluthi mbili kwenye matatu zilizopewa stika. Walipolirudia kwa maelfu ya magari, matokeo yaliyotoka 2015 yalikuwa ya chini kidogo lakini bado makubwa, robo hadi thuluthi. Kumbuka, ni stika. Karatasi yenye gundi.

Lakini usichukue hiyo na kuibandika tu kwa pikipiki, mimi nilijaribu kichwani na ikagoma. Kwa matatu mko 14. Mmoja akisema "dere, pole pole", wengine wanaguna kumuunga mkono. Kwa nduthi uko peke yako, upepo unakula maneno, na mara nyingi ni wewe mwenyewe uliyesema uharakishwe. Kwenye matatu abiria anahitaji ujasiri wa kumwambia dereva. Kwenye boda ni kinyume: mwanaboda ndiye anayehitaji maneno ya kumwambia abiria bila kumpoteza. Yeye ndiye mtaalamu wa ile safari, na hakuna aliyempa kitu cha kusema.

Hapo ndipo ujumbe uligeuka. Nikaacha kuandika maneno ya kumwambia mwanaboda, nikaanza kutafuta maneno ambayo yeye angesema. Na kusema ukweli sikuyaandika mimi. Nilikuwa benchini, binamu yangu akapata mteja, mama mmoja na kiondoo. Akampa helmeti. Mama akaiweka kichwani hivi hivi. Binamu hakuhubiri. Alizima pikipiki, akaweka mguu chini, akasema kwa upole, "Funga kwanza, mathe. Nakungoja." Mama akafunga.

Niliandika hiyo kwa mkono wangu, kwenye mkono wangu, kwa sababu sikuwa na karatasi.

Angalia kwa nini inafanya kazi. "Funga" ni amri, ndiyo, lakini "kwanza" inaahidi kwamba safari ipo. "Nakungoja" inabadilisha kila kitu: aliye na haraka anaambiwa wakati wake umetunzwa, na aliyesema ndiye mwenye uwezo wa kungoja. Hakuna kifo humo, hakuna sheria, hakuna polisi. Kuna mtu anayejua kazi yake.

Rasimu iliyofuata ilikuwa mbili, zote ndogo. Ya kwanza ni ya mgongoni, kwenye jaketi ya kuakisi, kwa herufi zinazosomeka na mtu anayepanda nyuma:

"Funga helmeti kwanza. Nakungoja."

Ya pili ni stika ndogo ya juu ya tangi, pale macho ya mwanaboda yanapoanguka akiweka ufunguo:

"Helmeti isiyofungwa hutoka kabla hujafika chini. Sikia kach, twende."

Ofisi walitaka kuongeza mwendo, abiria mmoja, pombe, na nembo tatu. Tulivutana. Hoja yangu ilikuwa rahisi: stika ya tangi inasomwa kwa sekunde moja, na kwa ile sekunde mtu anaweza kufanya kitu kimoja. Mwendo unastahili stika yake siku nyingine, na hata hiyo isiseme "kasi huua". Iseme kitu ambacho mtu hajui. Kwa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, kwa hivyo ukiangalia simu kwa sekunde mbili umesafiri mita zaidi ya 30 ukiwa kipofu. Mwanaboda nikimwambia hiyo haoni kama namhubiria. Anaanza kubishana na wenzake kuhusu mita 30 ni hadi wapi, hadi kwa kinyozi au hadi kwa mti. Hicho ndicho unachotaka.

Kabla ya kuchapisha, tulizijaribu. Wewe ukipewa kazi kama hii, usimuulize mtu "unaipenda?" Atakuambia ndiyo, amelelewa vizuri. Nilimwonyesha kila mmoja peke yake, nikaifunika, nikauliza: ilisema nini? Nani anaongea hapo? Inamwongelesha nani? Swali la pili ndilo la moto. Kwa lile bango la zamani walijibu "serikali", mmoja akasema "mtu wa kanisa". Kwa ile ya mgongoni wakasema "ni mimi". Kisha swali la mwisho, ungeibandika kwa pikipiki yako bila kulipwa? Kwa ya tangi kijana mmoja alikataa, akasema "kabla hujafika chini" inamletea mkosi asubuhi. Tukabishana, wengine wakamwambia aache ushirikina, lakini nilimwelewa. Ni yeye atakayeiona mara 30 kwa siku. Tukachapisha ya pili yenye "Sikia kach, twende" peke yake, na kila mtu akachagua yake.

Na kulikuwa na vifungo vilivyovunjika. Hakuna sentensi duniani inayofunga kifungo kisichokuwepo. Niliwaambia ofisi kwamba kumwambia mtu "sikia kach" na helmeti yake haina cha kulia ni kumdhihaki. Walikubali kukata idadi ya mabango na kununua vifungo. Fundi wa viatu akavibadilisha pale pale steji, lakini Cheamani alisimamia jambo moja: fundi abadilishe kifungo tu. Ikiwa kamba imengʼoka pale ilipopigiliwa kwa ganda, au povu limepasuka, hiyo helmeti iende. Cheamani mwenyewe alitoboa mbili kwa msumari ili zisirudi kichwani kwa mtu. Wakati wa kufunga, alitufundisha kujaribu: vidole viwili tu viingie kati ya kamba na kidevu, kisha shika helmeti nyuma na ujaribu kuisukuma itoke mbele. Ikitoka, ni kubwa kwako au hujakaza. Kwa ya abiria walianza kuweka kofia za plastiki za kuogea, zile za salunini. Wengine wanazo, wengine zinaisha Jumatano.

Utajuaje kama imesaidia? Usihesabu pale steji, pale kila mtu anajua uko. Mimi nilisimama mbele kidogo, karibu na kituo cha basi, asubuhi tatu kabla na asubuhi tatu baada ya wiki mbili, nikiangalia kitu kimoja tu, kamba ya kidevu. Wanaboda wa steji yetu waliofunga waliongezeka waziwazi, hata kijana wa mkosi. Abiria waliongezeka kidogo tu. Na Ijumaa ile mvua iliponyesha kila kitu kilianguka: haraka, simu, abiria wawili kwa pikipiki moja, kamba zikipepea. Sitakudanganya kwamba stika inashinda mvua ya Ijumaa.

Kitu kingine ambacho haishindi ni Outering yenyewe. NTSA husema kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufa kwenye barabara zetu, wengi wakiwa wanaotembea kwa miguu, kisha wa pikipiki. Pale kwetu hatari nyingine kubwa ni wanaboda kupita upande usio wao. Ofisi sasa wanataka niandike ujumbe wa hiyo, wananiambia "ule wa kwanza ulitoka vizuri". Nikaenda benchini, nikauliza mnapitaje upande ule. Wakanichorea kwa kijiti kwenye vumbi: mteja yuko ngʼambo, ukingo wa katikati umefungwa, mahali pa kugeukia ni kule mbali, na mteja analipa bei ya ngʼambo tu. Ukienda kugeukia kule, mafuta yamekula faida.

Cheamani alifuta mchoro kwa kiatu. "Kijana, hii usituletee stika," akasema. "Hii andika barua, uipeleke kwa watu wa barabara. Sisi tutaweka sahihi." Nimeanza kuiandika. Mpaka sasa ina aya mbili, na binamu yangu amenitumia picha ya ule mchoro, aliupiga kabla haujafutwa.